Je, wajua kwa nini hesabu ya pesa inaweza kuwa sawa na kitambaa cha sare kisitoshe?

"Nimeagiza kitambaa cha dastikoti 80. Mita nimezidisha mara bei, jumla imelingana hadi senti ya mwisho. Mbona fundi ananiambia koti 22 hazitatoka?"

Kwa sababu upana haumo katika hesabu hiyo. Kuzidisha idadi ya nguo kwa mita za kila nguo, halafu kwa bei ya mita, kunathibitisha kwamba aliyeandika oda anajua kuzidisha, basi. Mita hupima urefu peke yake. Mita moja ya kitambaa cha inchi 60 na mita moja ya inchi 45 huandikwa vilevile kwenye invoisi, lakini ya kwanza ina kitambaa zaidi kwa karibu theluthi nzima. Upana ukibadilika bila mita kubadilika, jumla itaendelea kulingana huku kitambaa kikipungua.

Nairobi kosa hili huingia kwa njia moja ya kawaida sana. Mafundi wa Soko la Uhuru, kule Jogoo Road, wanapewa kazi na chuo. Bei inapigwa kwa kitambaa cha inchi 60. Siku ya kununua, mtu anatumwa Eastleigh au Biashara Street, anakuta rangi ileile kwa bei nafuu, anashika simu: "Hapa iko ya 310, tuachane na ile ya 400?" Anayeulizwa anafurahi, anafuta 400 kwenye karatasi, anaandika 310. Hakuna anayegusa safu ya mita.

Tuchukue oda hiyohiyo tuifungue. Bei ni za mfano. Vipimo ni vya dastikoti moja ya mtu mzima, vikiwa na nafasi ya mshono ndani yake. Mgongo ni kipande cha sentimita 62 kwa 110. Mbele ni vipande 2, kila kimoja 40 kwa 110, na ile sehemu ya kukunjwa kwenye vifungo imo humo. Mikono 2, kila mmoja 44 kwa 66. Halafu kuna vitu vidogo: kola ya tabaka 2, mifuko miwili mikubwa na mmoja wa kifuani.

Kitambaa kinachouzwa kama inchi 60 mara nyingi huandikwa 58/60 kwenye lebo. Shika namba ndogo. Inchi 58 ni kama sentimita 147, na hizo ndizo unazoweza kuzikata; zilizobaki ni ukingo wa kiwandani wenye vitundu, ambao hauingii kwenye nguo. Sasa laza vipande. Mgongo na mbele zote mbili, ubavu kwa ubavu, ni 62 na 40 na 40, yaani 142. Zinaingia mstari mmoja na kubakiza sentimita 5. Mstari huo unakula urefu wa sentimita 110. Chini yake mikono miwili inachukua 88 ya upana, na kwenye nafasi inayobaki kola na mifuko yote inaenea. Mstari wa pili unakula 66. Jumla ni sentimita 176.

Ongeza asilimia 5 kwa ajili ya miisho ya kitambaa, madoa na nyuzi zilizokatika, unapata kama mita 1.85. Mara 80 ni mita 148. Kwa shilingi 400 ni 59,200. Oda hii ni safi: mita zinatokana na upana, na pesa zinatokana na mita.

Hamia kitambaa cha inchi 45, ambacho lebo yake husoma 44/45. Inchi 44 ni sentimita 111 na ushei. Mgongo na mbele moja ni 102, zinaingia. Mbele ya pili haina pa kukaa, inateremka mstari unaofuata. Mkataji mzuri ataiweka pale kando ya mikono yote miwili, mmoja juu ya mwingine, na kile kichochoro cha sentimita 27 kinachobaki atakipa mifuko na kola. Mikono miwili iliyofuatana ni sentimita 132, kwa hiyo mstari wa pili unakula 132. Jumla ni 242. Na asilimia 5 zake, ni kama mita 2.55 kwa koti.

Sasa ile jumla iliyompendeza mtu wa simu: mita 148 mara 310 ni shilingi 45,880. Inalingana kabisa. Lakini gawa 148 kwa 2.55, unapata koti 58. Hizo ndizo 22 anazozungumzia fundi. Ili zitoke 80 unahitaji mita 204, na kwa 310 hizo ni shilingi 63,240. Kitambaa cha bei rahisi kimekuwa ghali kwa 4,040. Ndiyo maana napendelea oda iwe na safu moja ya ziada ambayo wengi hawaiweki, gharama ya kitambaa kwa nguo moja. Hapa ni 740 upande wa kitambaa kipana na 790 na senti 50 upande wa chembamba, na mjadala unaishia hapo.

Kuna njia ya mkato ya kukagua bila kulaza pateni: zidisha mita za nguo moja kwa upana unaokatika. Kwa kitambaa kipana, 1.76 mara 1.47 ni kama mita za mraba 2.59. Zigawe kwa 1.11, unapata 2.33. Kwa hiyo oda yoyote ya inchi 45 inayodai mita 1.85 kwa koti hilohilo ni ya kurudishwa papo hapo. Ila angalia: njia ya mkato ilisema 2.33, pateni ikasema 2.42. Eneo halijui kwamba kipande hakikatiki katikati. Lichukue kama kengele ya kukuambia oda ina kasoro, usilitumie kuagizia. Tofauti hiyo ya sentimita 9 inaweza kufutika fundi akipanga koti mbili mbili, kwa sababu mbele mbili za koti tofauti hukaa mstari mmoja, na urefu hushuka hadi 231 kwa koti. Anayekata moja moja hawezi kuipata.

Saizi nazo hazipandi polepole kama watu wanavyodhani. Koti la mtu mnene zaidi, tuseme mgongo 66 na kila mbele 43, linahitaji 152 kwa mstari wa kwanza. Kitambaa kina 147. Sentimita 5 tu zimekosekana, lakini mbele nzima inatupwa mstari wa chini, na koti likikatwa peke yake linafika mita 2.20. Ndiyo maana oda yenye "mita 1.85 kwa wote" na saizi nne ndani yake huwa inanitia shaka kabla sijaisoma yote. Kila saizi inafaa iwe na mstari wake na mita zake. Kusinyaa nako huja kwa mlango huohuo: kitambaa kinachosinyaa asilimia 3 kwa upana kinataka pateni ipanuliwe, ile 142 inakuwa 146, na umebaki na sentimita moja ya kupumulia. Kata kipande cha sentimita 50 kwa 50, kifue, kipige pasi, ukipime tena kabla ya kulipa jora zima.

Ukiwa umeshikilia karatasi ya muuzaji, anza mwishoni. Chukua jumla, igawe kwa bei ya mita, halafu kwa idadi ya nguo. Ikirudi 1.85, sawa. Ikirudi 2.146 usishangae, hiyo ni 1.85 iliyoongezwa asilimia 16, maana yake VAT imeingia kwenye jumla na haikuonyeshwa kwenye bei. Uliza kama bei uliyopewa ilikuwa nayo au haikuwa nayo, na kwotesheni unazolinganisha zote ziwe upande mmoja.

Yadi ni mtego mwingine, na huu hauonekani kwenye karatasi hata kidogo. Si ajabu kukuta jora lenye lebo ya yadi likiuzwa kwa mdomo kama mita. Yadi 148 ni mita 135 na kidogo. Koti 7 zimepotea na kila kitu kinasomeka 148. Dalili yake ni kwamba upungufu unakuja karibu na asilimia 9 kwa kila jora, bila kubadilika. Upungufu wa upana haufanani hivyo, wenyewe unaonekana ukilaza pateni ya kwanza tu.

Upana pia usikadiriwe kwa jicho dukani. Kitambaa cha inchi 60 mara nyingi huja kimekunjwa katikati kwenye ubao, kwa hiyo kinaonekana chembamba kuliko cha inchi 45 kilichoviringwa wazi. Kikunjue, weka tepu kutoka ukingo hadi ukingo, pima mwanzoni, halafu vuta mita kadhaa upime tena, na uandike kipimo kidogo kuliko vyote kwenye oda, kando ya mita. Oda isiyo na safu ya upana haiwezi kukaguliwa na mtu yeyote, hata awe na kikokotoo cha namna gani.

Na kama kitambaa chembamba kimeshafika kwenye meza? Kabla mkasi haujagusa, muuzaji bado anaweza kukubali kukirudisha. Ukiamua kubaki nacho, utaongeza mita 56, yaani shilingi 17,360 juu ya zile 45,880. Nenda na kipande cha mkononi na namba ya mkupuo wa rangi iliyo kwenye lebo ya jora, kwa sababu bluu ya mtambo uleule iliyotiwa rangi siku nyingine huweza kutofautiana kidogo. Ukikosa namba hiyo, mwambie mkataji koti zima litoke jora moja. Chuo hakitalalamika koti la huyu likiwa jeusi kidogo kuliko la jirani yake, lakini mkono mmoja ukitofautiana na mwili wake, koti hilo litarudi.