Ofa inasema siku tano ofisini? Zungumza kabla hujatia saini

Mwaka jana binti mmoja mhasibu alinipigia simu jioni, sauti imejaa furaha na wasiwasi kwa pamoja. Amepata kazi kwenye kampuni ya usambazaji pale Posta, katikati ya Dar es Salaam, mshahara mzuri, ila barua ya ofa ilikuwa na mstari huu: “Mahali pa kazi ni ofisi kuu, Jumatatu hadi Ijumaa, saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni.” Yeye anakaa Bunju, pembezoni kabisa mwa jiji. Akaniuliza, “Dada, nisaini kwanza halafu nikishazoeleka niombe siku za kufanyia kazi nyumbani?”

Nikamwambia hapana. Nimefanya kazi ya rasilimali watu miaka mingi, nikiwa upande wa mwajiri, na najua kinachotokea. Ukishasaini, aliyekuajiri ameshafunga faili lako. Ombi lako linageuka kuwa ombi la mfanyakazi mgeni aliye kwenye kipindi cha majaribio, na meneja anaogopa wenzako watasema nini. Kabla ya kusaini, kampuni imeshakuchagua na haitaki kuanza usaili upya. Dirisha hilo ni la siku chache tu, kwa hiyo kama barua inataka jibu ndani ya siku tatu, omba tano kwa maandishi.

Jambo la kwanza tulilofanya ni kuchukua karatasi na kuandika kazi zake za mwezi mzima, moja moja. Hundi zinasainiwa ofisini. Stakabadhi za madereva huja mkononi. Kodi ya mishahara inatakiwa ifike TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha, kwa hiyo wiki ya kwanza ni ya purukushani na bosi atataka kumwona. Lakini usuluhishi wa hesabu za benki, ritani ya VAT inayowasilishwa kufikia tarehe 20 na ripoti ya madeni ya wateja, hizo zinataka kompyuta, intaneti na utulivu. Ukiziangalia kazi hivyo, siku zinajipanga zenyewe. Angekuwa keshia au mtunza stoo, ningemshauri asiombe siku za nyumbani kabisa, aombe saa ya kuingia isogezwe.

Rasimu yake ya kwanza ilikuwa aya nzima juu ya foleni na mtoto mdogo. Tukaifuta. Foleni ni kweli na inaumiza, ila meneja akiisoma anaona tatizo lako analotakiwa kulibeba. Aliyotuma ilikuwa hivi:

“Nashukuru kwa ofa na niko tayari kuanza tarehe mliyopanga. Naomba tuzungumzie kipengele cha mahali pa kazi. Napendekeza Jumanne na Alhamisi nifanyie nyumbani usuluhishi wa benki, VAT na ripoti ya madeni, isipokuwa wiki ya kwanza ya kila mwezi ambapo nitakuwa ofisini siku zote. Tufanye majaribio ya miezi mitatu, na usuluhishi uwe mezani kwenu kila Ijumaa kabla ya saa 6 mchana. Nyumbani nina intaneti ya kudumu na betri ya akiba umeme ukikatika.”

Hakugusa mshahara. Ukiomba pesa na siku kwa pamoja, watakupa kimoja, na mara nyingi si kile unachokihitaji.

Jibu lilikuja baada ya siku mbili kwa simu: siku moja, Alhamisi, na ianze mwezi wake wa pili kazini akishaujua mfumo. Akakubali, na nadhani alifanya vizuri, kwa sababu mwezi wa kwanza unajifunza kwa kukaa karibu na watu. Ila meneja aliongeza, “Hilo tutaelewana tu, usijali.” Hapo ndipo wengi wanapoumia. Ahadi ya mdomo ni ya yule meneja. Akihamishwa, imeondoka naye.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi, mahali pa kazi pakiwemo, na yakibadilika ayarekebishe kwa kushauriana naye na kumjulisha kwa maandishi. Sheria hiyo haikupi haki ya kufanyia kazi nyumbani. Inachokusaidia ni kwamba kilichoandikwa hakibadilishwi kimyakimya. Kwa hiyo aliandika barua pepe fupi kushukuru kwa mazungumzo na kuomba mstari ule urekebishwe kabla hajasaini.

Barua mpya ilisomeka: “Mahali pa kazi ni ofisi kuu, na kila Alhamisi kuanzia mwezi wa pili wa ajira ni nyumbani kwa mfanyakazi, isipokuwa wiki ya kwanza ya mwezi. Utaratibu huu utapitiwa baada ya miezi mitatu.” Akasaini siku hiyohiyo. Mwezi wake wa tano kazini alipata bosi mpya aliyetaka watu wote ofisini, na jambo la kwanza rasilimali watu walilofanya ni kumtolea hiyo barua.