Mkojo hutangulia, kiu hufuata

Aliyekigundua kisukari cha mgonjwa wangu hakuwa mimi wala maabara. Alikuwa mkewe. Wanatoka Newala, juu kwenye uwanda wa Makonde, ambako maji hayachotwi mlangoni na ndoo ya lita 20 ina hesabu yake. "Daktari, ndoo ya kunywa ilikuwa inatutosha watu wanne kwa siku nne," alisema. "Sasa siku mbili haimalizi. Na anayekunywa ni huyu."

Huyu ni mkulima wa korosho, miaka 54. Yeye alikuwa na maelezo yake: kiu ilimwanza wakati wa kupuliza salfa, na vumbi la salfa hukausha koo. Mkulima yeyote wa huku angemwelewa. Lakini kupuliza kuliisha Agosti, na walipofika kwangu Mtwara mjini ilikuwa Novemba, mabibo yamejaa chini ya mikorosho. Salfa haikaushi koo la mtu kwa miezi mitatu.

Sikumuuliza zaidi kuhusu kiu. Nilimuuliza kuhusu mkojo: usiku anaamka mara ngapi, na akienda unatoka kiasi gani, wa rangi gani. Akasema mara nne au tano, mwingi kila safari, mweupe kama maji.

Jibu hilo ndilo lililonitosha kushuku kisukari. Mtu aliyekaushwa na jua hutoka jasho, na mwili wake hubana maji, hivyo mkojo huwa kidogo na wa njano iliyokolea. Ukimkuta mtu ana kiu kali na bado anakojoa mwingi mweupe, ujue maji yanamtoka kwa njia nyingine. Mwenye tezi dume iliyovimba naye huamka usiku, ila hutoa kidogo kidogo na kwa kujikamua. Mwenye maambukizi ya njia ya mkojo huhisi kuungua. Tayari bwana huyu alikuwa ameshapewa dawa za maambukizi hayo kwenye kituo kimoja, na hakuwahi kuungua hata siku moja. Ukitaka kuwa na hakika, kojoa kwenye dumu kwa saa 24 upime. Mtu mzima akipita lita tatu kwa siku, hilo si jambo la kawaida.

Wengi hudhani mgonjwa anakojoa sana kwa sababu anakunywa sana. Ni kinyume chake. Figo huchuja sukari pamoja na maji ya damu, kisha huirudisha sukari yote mwilini. Kazi hiyo ina kikomo. Sukari ya damu ikipita 10 hivi kwa kipimo cha mmol/L, figo haziwezi kuirudisha yote, na inayobaki hushuka na mkojo. Sukari haishuki peke yake, huvuta maji. Mwili ukipungukiwa maji ndipo kiu inapokuja. Sasa mtu akiituliza kiu hiyo kwa soda, chupa moja ndogo ina takriban gramu 30 za sukari, basi anaongeza kilekile kinachomkausha. Bwana wetu alikuwa anakunywa mbili kwa siku, tatu akiwa mnadani.

Uchovu nao una chanzo hichohicho. Insulini ikipungua au isipofanya kazi sawasawa, sukari hujaa kwenye damu huku misuli ikiikosa. Mwili huanza kula mafuta na nyama yake wenyewe. Mkanda wa bwana wetu ulikuwa na tundu mbili mpya zilizotobolewa kwa msumari.

Kutokana na kikomo hicho cha figo, mimi nasita kuziita hizi dalili za mwanzo. Kisukari huhesabiwa kuanzia sukari ya 7.0 asubuhi kabla ya kula. Mtu anaweza kukaa na 8 kwa miaka, figo zikirudisha sukari yote, asione kiu wala sisimizi chooni. Kiu ikifika, ugonjwa umeshakaa kitambo. Kwa hiyo pia mkojo usio na sukari haumtoi mtu kwenye shaka.

Nilimchoma kidole palepale. Mashine ikaonyesha 19.4, naye alikuwa amekula asubuhi. Kwa mwenye dalili kama zake, kipimo cha wakati wowote kikifika 11.1 au zaidi kinatosha kusema ni kisukari, ila napenda kikathibitishwe kwa damu ya mshipani maabara. Asiye na dalili hahukumiwi kwa kipimo kimoja, lazima vikubaliane viwili. Mkojo wake kwenye kijiti ulionyesha sukari nyingi, ketoni hakuna. Ketoni ni mabaki ya mafuta ambayo mwili umeyala kwa kukosa sukari, nami huwa naziangalia kwanza, kwa sababu zikiwa nyingi na mgonjwa anatapika na kupumua kwa kina, hiyo ni dharura ya kulazwa saa hiyohiyo. Watoto hasa huletwa hivyo, na huku kwetu homa ya malaria ndiyo hufikiriwa kwanza.

Mkewe naye akaomba apimwe. Mashine ikasema 13.2. Yule mama akakaa chini. Hana kiu, haamki usiku, hajakonda. Nikamuuliza amekula nini njiani. Mabibo, walinunua Tandahimba, akala mawili ndani ya basi. Vidole vilikuwa bado vinanata. Nilikuwa nimempangusa kwa spiriti, na spiriti haiondoi vizuri sukari ya tunda kwenye ngozi. Akanawa kwa maji na sabuni, akakausha, nikachoma kidole kingine: 5.6. Kosa lilikuwa langu, nilipaswa kumnawisha kwanza. Embe bivu hufanya vilevile. Kosa jingine la pwani ni kopo la vijiti vya mashine kuachwa wazi, vikaingia unyevu na kutoa namba za ajabu.

Kesho yake mume alirudi hajala tangu saa mbili usiku, kanywa maji tu. Kufunga kwa muda wa saa nane ndicho kiwango cha chini kabisa. Damu ya mshipani ilitoa 13.8. Hapo pia pana mtego: seli za damu huendelea kula sukari ndani ya chupa, kwa hiyo damu iliyosahauliwa mezani kwa muda wa saa mbili tatu husoma chini kuliko ilivyo. Hutiwa kwenye chupa yenye dawa ya kuzuia hilo na kupelekwa mapema.

HbA1c yake ilikuwa asilimia 10.9, na kisukari huhesabiwa kuanzia 6.5. Hiki hupima sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu, na kwa kuwa chembe huishi miezi minne hivi, kinasimulia miezi miwili mitatu iliyopita, wala hakihitaji mtu kufunga. Ila mwenye selimundu, au aliyeongezewa damu karibuni, chembe zake hazijaishi muda wa kawaida, na namba hiyo hudanganya. Kwa watu hao mimi narudi kwenye sukari ya asubuhi.

Nilimwanzishia dawa, na soda zikakoma. Walirudi baada ya wiki mbili. Sukari ya asubuhi ilikuwa 8.9. Bado ni kisukari, bado iko juu, lakini imeshuka chini ya kile kikomo cha figo. Nikamuuliza usiku anaamka mara ngapi. Kabla hajajibu, mkewe akasema ndoo imerudi kwenye siku nne.