Dhana Potofu Kuhusu Karatasi ya Mhusika wa Katuni za Watoto

Wachoraji wengi wanaoanza huniletea picha moja nzuri ya shujaa wao, amesimama kifua mbele, kisha huniambia mhusika amekamilika. Bado. Picha hiyo inaonyesha jinsi mchoraji mmoja alivyomwona mhusika siku moja. Karatasi ya mhusika ni maelekezo kwa watu watakaomchora wewe ukiwa haupo. Mfululizo wa vipindi 13 hupita mikononi mwa watu kadhaa, na wote wanapaswa kumtoa mtoto yuleyule, pua ileile, hata anapogeuka mgongo.

Nitaeleza kwa kumtumia Pili, mhusika niliyemchora mwenyewe. Ni msichana wa miaka 7, binti wa mvuvi wa Pangani. Amesukwa twende kilioni, anavaa gauni la njano na kandambili, na begani ana kikapu cha ukili.

Dhana: ukishamchora vizuri kwa mbele, pande nyingine zitakuja zenyewe

Haziji. Zinajengwa, na ujenzi unaanza na vipimo. Mtoto halisi wa miaka 7 ana urefu wa takriban vichwa 6. Pili nilimpa vichwa 3, kwa sababu kichwa kikubwa hubeba uso mkubwa, na uso ndio anaousoma mtoto anayetazama katuni kwenye simu ya mama yake. Kichwa kikiwa na urefu wa pikseli 500, mwili mzima unakuwa na 1500. Baada ya hapo napiga mistari ya kulala inayovuka karatasi yote: utosi, macho, kidevu, mabega, kiuno, pindo la gauni, magoti, nyayo. Mionekano yote mitano inasimama ndani ya mistari hiyo: mbele, mshazari wa mbele ambao wachoraji huuita robo tatu, ubavu, robo tatu ya nyuma, na mgongo. Mikono naiacha iachane kidogo na mwili, ili mshono wa ubavuni wa gauni uonekane.

Ukitaka kujua kama mistari imefuatwa, panga michoro hiyo mitano katika faili moja, mmoja juu ya mwingine, uipitishe haraka kwa zamu. Pili anapaswa kuzunguka kama mtungi juu ya kata. Akionekana anaruka au anachuchumaa, kuna mchoro ambao kidevu au kiuno chake kimehama.

Robo tatu ndiyo inayowashinda wengi. Mstari wa katikati ya uso unasogea upande anaotazama mhusika, jicho la mbali linakuwa jembamba kuliko la karibu, na shavu la mbali ndilo linalochora ukingo wa uso. Mchoraji asiyezoea huacha macho mawili yenye upana sawa, na uso unakuwa bapa kama sahani. Kwa kuwa robo tatu ndiyo inayotumika sana mhusika anapozungumza na mwenzake, mimi huichora kwanza, kabla ya mbele. Uso uliokubali robo tatu utakubali mbele bila taabu, lakini kinyume chake mara nyingi hakitimii.

Nywele za Pili zilinifundisha zaidi. Mara ya kwanza nilimchora na mistari tisa ya twende kilioni, maridadi kabisa. Alipoanza kugeuza kichwa, mistari ilikuwa inaogelea: fremu moja ina tisa, inayofuata ina saba, nyingine kumi. Hakuna mtu anayeweza kuhesabu tisa kila mara anapochora kichwa kinachosogea. Nikaipunguza hadi mitano, nikaipa namba kwenye karatasi, namba 3 ikipita katikati ya utosi hadi kisogoni. Kwa ubavu inaonekana mitatu tu, yaani 1, 2 na 3, au 3, 4 na 5, na ile ya 3 ndiyo inayochora ukingo wa kichwa kwa juu. Kisha niliongeza mchoro wa sita ambao vitabu vingi havitaji: kichwa kinachotazamwa kutoka juu. Watoto hutazama chini kila wakati, kwenye mchanga, kwenye daftari, kwenye bakuli la uji. Bila mchoro huo, kila mmoja alikuwa anakisia utosi wa Pili kivyake.

Wapo wanaodhani kwamba kila kitu lazima kizunguke kama kilivyo duniani. Si lazima. Masikio ya Mickey Mouse katika michoro ya kawaida hubaki duara mbili, ageuke vyovyote, na hakuna mtoto anayelalamika. Hila kama hiyo inaruhusiwa, mradi iandikwe kwenye karatasi ili wote waifanye kwa namna moja.

Dhana: ukichora upande mmoja, unageuza tu picha kupata wa pili

Hii ni kweli kwa mhusika aliye sawa pande zote mbili. Pili ana kikapu. Tulipogeuza ubavu wa kushoto ili kupata wa kulia, kikapu nacho kiligeuka, na katika tukio moja la kukimbilia ngalawa kilihama bega mara tatu. Kosa lilikuwa langu, maana karatasi ilisema "bega la kushoto" tu. Wenzangu wawili walielewa kushoto kwa mtazamaji, mmoja akaelewa kushoto kwa Pili.

Hapo kuna njia mbili. Ama unachora mionekano minane, pamoja na robo tatu na ubavu wa upande wa pili, ama unaamua wazi kwamba kitu fulani kinaweza kugeuka na picha. Kwa kikapu nilichagua minane, kwa sababu Pili hutoa vitu humo na mtoto anayetazama anakifuatilia kwa macho. Kwa kishikizo kidogo cha kifuani niliruhusu kigeuke. Na maandishi sasa yanasema "bega la kushoto la Pili mwenyewe".

Dhana: hisia ziko mdomoni

Funika mdomo wa mchoro kwa kidole. Kama huwezi tena kujua mhusika anahisi nini, hisia hiyo haijachorwa. Nyusi, kope na mwinamo wa kichwa hubeba sehemu kubwa, na umbo la uso lenyewe hubadilika: anayeshangaa uso unarefuka kwa sababu taya limeshuka, anayecheka mashavu yanapanda na kusukuma kope za chini. Ukibandika midomo sita tofauti kwenye uso uleule, umechora kinyago kimoja chenye midomo sita.

Kosa jingine ni kunakili orodha ya hisia kutoka kwingine: furaha, huzuni, hasira, hofu, basi. Mtoto wa Pwani ana nyuso zake. Pili anabetua midomo anapodharau hoja ya kaka yake. Ananuna kimya. Na anapomwamkia bibi yake shikamoo, anainamisha macho. Uso huu wa mwisho ndio uliotusumbua, kwa kuwa mchoro wa kwanza ulisomeka kama huzuni. Tofauti iko kwenye nyusi: mwenye huzuni, ncha za ndani za nyusi zinapanda, mwenye heshima, nyusi zinabaki zimetulia, kope zinashuka nusu, kidevu kinashuka kidogo na pembe za mdomo zinabaki laini. Nimeiweka michoro hiyo miwili ubavu kwa ubavu kwenye karatasi, ili asitokee mtu wa kuichanganya.

Midomo ya kusema nayo ifuate lugha inayosemwa. Kiswahili kina irabu tano safi, kwa hiyo mdomo wa a, e, i, o na u tayari ni mitano. Ongeza uliofumbwa kwa m, b na p, wa meno juu ya mdomo wa chini kwa f na v, na mmoja wa ulimi nyuma ya meno kwa l, n, t na d. Jumla minane. Angalia neno "mtoto": linaanza na m yenye silabi yake, kwa hiyo mdomo unafumbwa na kukaa kidogo kabla ya kufunguka. Na kwa vile maneno yetu karibu yote huishia na irabu, mdomo ukifumbwa mapema mwishoni mwa neno, sauti na picha zinaachana.

Dhana: ngozi nyeusi haionekani vizuri kwenye skrini, kwa hiyo mhusika apaushwe

Hii nimeambiwa mara nyingi, na siikubali hata mara moja. Ngozi ya Pili ni rangi yenye namba `#7A4A2E`. Katika kipindi cha majaribio alisimama mbele ya nyumba ya udongo yenye ukuta wa `#9A5B3C`, na mikono yake ikapotea. Ushauri wa kwanza uliotolewa mezani ulikuwa kumng'arisha mtoto. Badala yake tuliigeuza picha kuwa ya kijivu, bila rangi yoyote, na tatizo likajionyesha: ngozi na ukuta vilikuwa karibu na weusi uleule. Rangi zinaweza kutofautiana machoni mwa mchoraji, lakini kama mwanga wake unalingana, mtazamaji aliye mbali na skrini ndogo anaona doa moja.

Kilichobadilika ni ukuta. Tuliupausha ukawa kama udongo uliokauka juani, `#D9B08C`, na mikono ikarudi mara moja. Cha pili ni mstari wa ukingo. Mstari mweusi kabisa juu ya ngozi ya kahawia huua umbo la pua na vidole, kwa hiyo ninatumia kahawia iliyokolea, `#3B2116`, ambayo inaonekana bila kuzima ngozi. Gauni ni la njano iliyoiva, `#F2A81D`, kwa sababu mandhari ya Pangani yana bluu ya maji na kijani cha minazi, na rangi hizo mbili zikivaliwa na shujaa, atamezwa na mandhari.

Paleti moja haitoshi. Usiku wengi huweka utando wa bluu juu ya kila kitu, na Pili akabaki macho na meno tu, jambo la kumvunjia mtoto heshima. Paleti yetu ya usiku ina ngozi iliyochaguliwa kwa mkono, `#5C4450`, na ukingo mwembamba wa mwanga wa mwezi kwenye shavu na bega. Kila rangi ina jina na namba kwenye karatasi: ngozi, kivuli cha ngozi, nywele, ukingo, gauni, kikapu, mchana na usiku. Hakuna anayepaswa kuchota rangi kutoka kwenye picha iliyotumwa kwa simu, maana picha ikibanwa rangi zinahama.

Karatasi ilipoonekana imekamilika, nilimpa mchoraji ambaye hakuwahi kumwona Pili. Nilimwomba amchore amechuchumaa, ametupa mgongo, anachambua dagaa, mkao ambao haupo popote kwenye karatasi. Nywele zilikuwa mistari mitano. Kikapu kilikuwa bega sahihi. Alisimama mara moja tu kuniuliza: nyayo za kandambili zake, upande wa chini, zina rangi gani? Sikuwa nimeandika. Sasa ipo, mstari wa mwisho wa paleti: `#4F7F8C`.