Grafu ya mvua na joto ya Mwanza: yanayoaminika wakati wa kusahihisha, na ukweli wake

Wiki iliyopita nilikuwa na rundo la madaftari ya fomu tuu mezani, zoezi lile la kuchora mvua kwa bar na joto kwa mstari halafu ueleze hali ya hewa ya mahali. Maksi 15, saba za kuchora, nane za maelezo. Data nilizowapa ni za zoezi tu, nimezizungusha ziendane na Mwanza yetu: mvua kuanzia Januari ni 105, 110, 150, 170, 80, 20, 15, 20, 35, 85, 150, 140, jumla milimita 1,080. Joto kuanzia Januari ni 23.0, 23.1, 23.3, 23.0, 22.9, 22.3, 22.1, 22.8, 23.7, 24.0, 23.2, 22.8. Wao wanajibu kwa Kiingereza ila hapa naweka kwa Kiswahili tuelewane.

Dhana: pale bar inapouvuka mstari wa joto ndo mwezi wa mvua nyingi

Hii nimeikuta kwenye daftari zaidi ya kumi, na kibaya zaidi nimewahi kuona walimu wanaiwekea tiki. Mtoto anaandika "Aprili mvua ilizidi joto". Sasa mvua itazidije joto, moja ni milimita nyingine ni nyuzi, ni kama useme sangara wangu ana kilo nyingi kuliko safari ya kwenda Igoma.

Jaribu mwenyewe. Mhimili wa mvua kushoto uende 0 hadi 200. Wa joto kulia ukienda 0 hadi 30, mstari utakaa usawa wa milimita 150 na ushee, na bar itakayotokeza juu yake ni moja tu, Aprili. Haya futa, weka mhimili wa joto 0 hadi 50, mstari unashuka usawa wa 92 hivi na ghafla bar sita zimeuvuka: Januari, Februari, Machi, Aprili, Novemba, Desemba. Mvua haijabadilika hata tone, umebadilisha skeli tu.

Kuna mchoro mmoja ambao kuvukana kuna maana, ule wa Walter na Lieth, lakini pale skeli imefungwa kwa makusudi, nyuzi 10 zinakaa sambamba na milimita 20. Kwa kipimo hicho mwezi mkavu ni ule ambao milimita zake hazifiki mara mbili ya nyuzi zake. Kwetu hapa Juni, Julai, Agosti na Septemba zinaingia, Septemba ina 35 wakati mara mbili ya 23.7 ni 47.4. Mtoto akichora skeli yake ya kawaida halafu akasoma makutano, mimi simpi kitu, ila namwandikia pembeni "soma kila mstari kwa mhimili wake".

Dhana: mstari ukipanda na kushuka sana basi joto linabadilika sana

Kuna binti alianza mhimili wake kwenye 22 akamalizia 24, kila nyuzi sentimita tano. Mstari ukatoka kama milima, akaandika "joto la Mwanza hubadilika vikali, Oktoba ni kali mno". Kuchora hajakosea, kila nukta iko mahali pake na katikati ya nafasi ya mwezi kabisa, kwa hiyo saba zake kapata zote. Maelezo ndo yamemponza, kaangalia umbo la mstari badala ya namba. Toa 22.1 kwenye 24.0 unabaki na 1.9, hata nyuzi mbili hazifiki kwa mwaka mzima! Mwenzake aliyeanzia sifuri, kila sentimita nyuzi tano, mstari wake wote umecheza chini ya nusu sentimita, na yeye akaandika "joto halibadiliki", ambayo nayo sio, ila iko karibu zaidi na ukweli. Ninachotaka kuona ni wastani wa nyuzi 23 na tofauti ya 1.9, basi, neno "ndogo" likifuata maksi ni yako.

Dhana: kiangazi ndo wakati wa joto zaidi

Hapa nilibishiwa darasani. Kijana mmoja kwao wanaanika dagaa, akasimama: "Mwalimu, mwezi wa saba dagaa wanakauka siku moja tu, masika wanaoza kwenye mawe, sasa mwezi wa saba utakuwaje na joto dogo?" Swali zuri kuliko maswali yangu yote ya wiki ile. Dagaa anakaushwa na jua pamoja na hewa kavu, wastani wa joto la mwezi hauhusiki sana. Julai mbingu iko wazi, mchana jua linawaka, lakini usiku hakuna mawingu ya kufunika kwa hiyo joto linapotea na asubuhi unatafuta sweta, na wastani unachukua vyote viwili. Juu ya hapo jua la utosini liko kaskazini ya ikweta kipindi hicho. Linarudi kupita juu yetu mwishoni mwa Septemba, mvua za vuli bado hazijakolea, ndo maana Oktoba inashika namba moja. Akitaja tu kwamba Julai ni kavu na ndo yenye wastani mdogo namalizana naye, sababu sikuuliza.

Na hilo nalo tuwe wakweli, swali likisema "eleza grafu inaonyesha nini" usitoe maksi kwa "mvua huja na radi na upepo wa ziwani". Ni kweli kabisa, wote tunaloa, ila bar ya mwezi haina radi ndani yake. Wala haisemi ilinyesha siku ngapi.

Dhana: tuko karibu na ikweta, kwa hiyo jibu ni hali ya hewa ya ikweta

Vilele viwili vya mvua vinawadanganya, Machi-Aprili na Novemba-Desemba. Lakini kwa mpangilio wa Köppen, hali ya hewa ya msitu wa mvua inataka kila mwezi upate walau milimita 60, na sisi tuna miezi minne chini ya hapo, Julai ina 15. Hiyo ni savana ya tropiki. Jina peke yake nampa moja, ya pili mpaka aonyeshe hiyo miezi.

Dhana: kosa la kuchora linaua na maelezo

Hii ni ya kwetu walimu. Kijana wa dagaa alichora Novemba 105 badala ya 150, kageuza tarakimu. Akajumlisha bar zake akapata 1,035, akasema kilele cha pili ni Desemba. Madam tunayekaa naye meza moja akasema, "Ticha, huyo kakosa mara tatu, kata tatu." Mimi nikakata moja, ya bar. Kwa grafu aliyoichora yeye, jumla ni 1,035 kweli na Desemba ndo kilele cha pili kweli, kusoma kasoma sawasawa, kosa limebebwa tu kutoka juu. Ila lazima upige hesabu upya kwa bar zake, huwezi kukisia, na hapo ndo uvivu unatukamata maana madaftari ni 60.

Madam hakukubali. Kijana kaondoka na 12, mbili nyingine zilikatika kwenye ile "ikweta".