Je, wajua kwa nini R-mraba iliyorekebishwa huweza kushuka chini ya sifuri?

*Shikamoo Mwalimu. Nimefanya rigresheni ya mavuno ya viazi mviringo, gunia kwa ekari, kwa wakulima 18 niliowahoji kwenye miinuko ya Uporoto. Vigeu ni vinne: kilo za mbolea, kilo za mbegu, mwinuko wa shamba, na mara alizopuliza dawa ya ukungu. R-mraba imetoka 0.31, lakini ile iliyorekebishwa ni hasi 0.084. Kitu cha mraba kinakuwaje hasi? Nimekosea wapi? Matokeo haya hapa. Mwanafunzi wako, Mbeya.*

```
Residual standard error: 10.41 on 7 degrees of freedom
  (6 observations deleted due to missingness)
Multiple R-squared:   0.31,  Adjusted R-squared:  -0.08429
F-statistic: 0.7862 on 4 and 7 DF,  p-value: 0.569
```

Marahaba. Kompyuta imepiga hesabu sawasawa. Kinachokuchanganya ni jina: R-mraba iliyorekebishwa si mraba wa namba yoyote. Ni moja kutoa uwiano wa namba mbili, na uwiano huo ukizidi moja, jibu linakuwa hasi. Haina maana kwamba mbolea inapunguza mavuno, wala kwamba uhusiano umegeuka. Inasema jambo jingine kabisa, tena zito kwa tasnifu yako.

Tuifuate hesabu kwa gunia zako. Chukua kila mkulima, toa wastani wa wote kwenye mavuno yake, zidisha tofauti hiyo kwa yenyewe, kisha jumlisha. Tuseme jumla hiyo ni 1,100. Huo ndio mtawanyiko wote wa mavuno kabla hujatumia kigeu chochote. Sasa fanya hivyohivyo, ila badala ya wastani tumia makadirio ya modeli yako. Kinachobaki ni 759. Gawanya 759 kwa 1,100 upate 0.69, toa kwenye moja, na hiyo ndiyo 0.31 yako. Mpaka hapo hakuna aliyeuliza modeli imetumia wakulima wangapi kujifunza hayo.

R-mraba iliyorekebishwa inauliza. Jumla ya kwanza inagawanywa kwa 11, yaani wakulima 12 kasoro mmoja, kwa sababu wastani wenyewe umekadiriwa kutoka kwenye data hiyohiyo. (Kwa nini 12 wakati umehoji 18? Tutafika.) Jumla ya pili inagawanywa kwa 7: wakulima 12, kasoro vizidishi vinne, kasoro kianzio. Hizo ndizo digrii za uhuru. 1,100 kwa 11 ni 100. 759 kwa 7 ni 108.4. Uwiano ni 1.084, na moja kutoa 1.084 ni hasi 0.084, ileile iliyokushtua.

Ukitafuta kipeuo cha pili cha namba hizo mbili, jambo linaonekana waziwazi. Kipeuo cha 100 ni 10. Kipeuo cha 108.4 ni 10.41, na hiyo 10.41 ndiyo iliyoandikwa kwenye mstari wa kwanza wa matokeo yako. Maana yake ni kwamba mtu asiyejua chochote kuhusu mbolea wala mwinuko, akimtajia kila mkulima wastani tu, anakosea kwa kadiri ya gunia 10. Modeli yako yenye vigeu vinne inakadiriwa kukosea kwa gunia 10.41. Kwa data hii, vigeu vyote vinne kwa pamoja havijalipa nafasi vilizochukua.

Kwa nini vichukue nafasi? Fikiria wakulima wawili tu na kigeu kimoja, chochote kile, hata namba ya mwisho ya simu zao. Mstari mnyoofu utapita juu ya nukta zote mbili na R-mraba itakuwa 1 kamili, ingawa namba ya simu haioteshi kiazi. Wakulima 12 na safu 11 za namba za kubahatisha watakupa jambo lilelile. Kila safu unayoongeza inaipa modeli upenyo wa kujipinda kufuata nukta, na R-mraba ya kawaida haishuki kamwe kwa kuongezewa safu. Ndiyo maana marekebisho haya yalihitajika. Aliyeyaeneza ni Mordecai Ezekiel, mchumi wa kilimo wa Marekani, mnamo 1930, na wachumi wa kilimo wamekuwa nayo tangu hapo.

Kipo kipimo chepesi cha kukumbuka. Kama vigeu ni vya bahati nasibu tupu, R-mraba ya kawaida huwa kwa wastani idadi ya vigeu gawanya kwa idadi ya data kasoro moja. Kwako ni 4 kwa 11, yaani 0.364. Wewe umepata 0.31. Safu nne zisizo na maana zingekupa kwa wastani zaidi ya hapo. R-mraba ikiwa chini ya kizingiti hicho, iliyorekebishwa inakuwa hasi. Ikilingana nacho, inakuwa sifuri. Ni habari ileile inayosemwa na F yako: 0.786 iko chini ya 1, na alama ya hasi hutokea pale tu F inapokuwa chini ya 1. Usichukue neno langu tu, jaribu mwenyewe:

```r
adj <- replicate(5000, {
  y <- rnorm(12)
  X <- matrix(rnorm(48), 12, 4)
  summary(lm(y ~ X))$adj.r.squared
})
mean(adj); mean(adj < 0)
```

Namba ya kwanza itakaribia sifuri. Ya pili itakaribia 0.53: zaidi ya nusu ya majaribio hutoa hasi. Na ni lazima iwe hivyo. Kipimo kinachotaka kuwa sifuri kwa wastani pale ambapo hakuna kitu, hakina budi kuyumba juu na chini ya sifuri.

Kuna kikomo pia, na kinafaa kwa ukaguzi. Kwa data 12 na vigeu vinne, namba hiyo haiwezi kushuka chini ya hasi 0.571, yaani 4 gawanya kwa 7. Siku ukiona hasi 0.8 kwenye jedwali la ukubwa huo, hapo ndipo utafute kosa: fomula iliyoandikwa kwa mkono, au idadi ya data iliyochukuliwa kwenye faili jingine.

Sasa turudi kwenye kosa lako halisi, ambalo halimo kwenye R-mraba. Umehoji wakulima 18. Wakulima 18 kasoro vigeu vinne kasoro kianzio ni digrii 13, lakini matokeo yanasema 7. Mstari wa pili umekueleza sababu: wakulima sita wametupwa. Programu ya R huondoa mkulima mzima hata akikosa jibu moja tu kati ya matano, na haikusimamishi kukuuliza. Kabla ya kufikiria jambo jingine lolote, andika hivi, d ikiwa jedwali lako la data:

```r
colSums(is.na(d))
```

Utaona safu ipi ina matundu. Kwa utafiti kama huu ningeanza kuitazama mbegu. Mkulima anayebakiza mbegu kwenye mavuno yake mwenyewe hajawahi kuzipima kilo, hivyo dodoso linaachwa wazi. Usijaze sifuri, kwani sifuri inasema hakupanda kitu. Usijaze wastani pia, kwa kuwa unatengeneza wakulima sita wanaofanana kwa mbegu bila wao kukuambia hivyo. Rudi umuulize kwa kipimo anachokijua, ndoo au debe, kisha pima mwenyewe debe moja la mbegu za eneo hilo kwenye mizani ubadilishe kuwa kilo.

Na ukiwa njiani, hakiki gunia zenyewe. Kama baadhi walikutajia gunia la kawaida na wengine lumbesa, mavuno yako yana kelele ambayo hakuna kigeu kitakachoieleza, na R-mraba itabaki chini hata ukihoji wilaya nzima. Weka kila kitu kwa kilo.

Wakirudi wote 18, kizingiti kinashuka kutoka 0.364 hadi 4 kwa 17, yaani 0.235. Kama R-mraba ingebaki 0.31, iliyorekebishwa ingekuwa 0.098, juu ya sifuri. Sikuahidi kwamba itabaki. Wakulima hao sita wanaweza kuipandisha au kuishusha. Ninachosema ni kwamba adhabu inapungua.

Kuna njia ya mkato ambayo nakuomba sana usiipite: kufuta kigeu kimoja kimoja mpaka alama ya hasi iondoke. Itaondoka, tena upesi. Tuseme mwinuko peke yake, kwa wakulima walewale 12, unatoa R-mraba ya 0.25. Iliyorekebishwa inakuwa 0.175, inapendeza macho. Lakini thamani ya p yake ni kama 0.10, na hiyo ni kabla ya kuhesabu kwamba ulichagua mshindi baada ya kuona mbio. R-mraba iliyorekebishwa hupanda kila kigeu kinachoongezwa kikiwa na t inayozidi 1, bila kujali alama ya jumlisha au kutoa, na t ya 1 ni ushahidi dhaifu mno. Namba chanya si cheti. Kama unataka vigeu viwili badala ya vinne, vichague kwa sababu za kilimo, uandike sababu hizo kwenye sura ya tatu, halafu ndipo uendeshe modeli mara moja.

Ikiwa wakulima hao sita hawapatikani tena, baki na hasi yako na uiripoti ilivyo. Usiizungushe kuwa sifuri, usiifiche ukaacha 0.31 peke yake. Kwenye sura ya nne andika: *Modeli ya vigeu vinne kwa wakulima 12 wenye taarifa kamili, kati ya 18 waliohojiwa, haikukadiria mavuno vizuri kuliko wastani (R-mraba 0.31, iliyorekebishwa −0.08; F(4, 7) = 0.79; p = 0.57).* Sentensi inayofuata iseme kwamba sampuli hii ni ndogo mno kutenganisha athari za vigeu vinne. Usiandike kwamba mbolea haina athari kwa viazi. Kwa digrii saba za uhuru hukuwa na uwezo wa kulijua hilo.

Nitumie matokeo ya `colSums` kwanza, kabla hujapanda gari kurudi Uporoto, tuone ni safu ngapi hasa za kwenda kuuliza.