Je, wajua? Orodha ya muziki wa tamthilia si ankara

"Mtunzi wa muziki tumeshamlipa. Kwa nini kituo cha televisheni bado kinatudai orodha ya muziki? Tutalipishwa mara mbili?"

Hapana. Orodha hiyo haimdai prodyuza chochote. Inaeleza pesa ambazo mwingine ameshazitoa ziende kwa nani. Hata hivyo, dhana kwamba ni ankara imeota mizizi kwenye kazi za bajeti ndogo. Kuna wanaoficha wimbo uliosikika redioni, wanaopunguza sekunde, na wanaoandika "muziki wa asili" wakiamini wameokoa fedha. Hawajaokoa hata senti. Wamemnyima mtunzi wao mgawo wake, basi.

Mlichomlipa mtunzi ni ujira na ruhusa ya kuunganisha muziki wake na picha. Haki ya muziki huo kusikika hadharani ni kitu kingine, na mtunzi aliye mwanachama wa chama cha mirabaha kwa kawaida ameikabidhi huko. Kituo nacho hulipa chama leseni ya jumla, bila kuhesabu wimbo mmoja mmoja. Orodha inafanya kazi ya daftari la mahudhurio ya vibarua: fungu la mishahara limeshatengwa, daftari linaonyesha nani alifika na alifanya kazi kwa muda gani. Asiyeandikwa halipwi, na fungu lake halirudi kwa mwenye kazi. Huishia kwa walioandikwa. (Mikataba inayomnunua mtunzi haki zote ipo, kwa hiyo usomeni wenu kwanza.)

Ndiyo maana orodha inataka jina la kipande, mtunzi na mchapishaji wake, asilimia ya kila mmoja, muda, na namna muziki ulivyotumika. Hiyo ya mwisho ndiyo yenye vituko.

Chukua tamthilia ya dakika 24. Dakika ya 06:12, mama anafua huku redio ikiimba. Katika mpango wa sauti, wimbo huo umekatwa besi na sauti za juu kabisa ili usikike kama unatoka kwenye spika ndogo, na mwangwi wa chumba umeongezwa. Ikifika 06:50 anatoka nje. Redio imebaki ndani, lakini wimbo unamfuata, sasa ukiwa mpana na safi, hadi 07:31. Mtazamaji amesikia wimbo mmoja bila kukatika. Orodha inaona matumizi mawili:

```
06:12  06:50  0:38  VV
06:50  07:31  0:41  BV
```

VV ni wimbo wenye maneno ambao wahusika wenyewe wanausikia. BV ni wenye maneno pia, ila unasikika kwa mtazamaji tu. Vyama vingi huupa muziki unaochezwa mbele ya kamera uzito tofauti na ule wa nyuma, ingawa viwango na hata vifupisho hutofautiana kati ya chama na chama. Kwa hiyo, mhusika kuvuka kizingiti tu kunaweza kubadili mrabaha wa mtunzi. Mimi huona hilo linachekesha kidogo, lakini hesabu ndivyo ilivyo.

Mlio wa friji, upepo na nyayo havimo humu. Vinabaki kwenye mpango wa sauti. Penye utata ni ule mngurumo mrefu wa kutia wasiwasi: je, ni muziki au ni sauti? Ukitungwa na mtunzi na kusajiliwa kama kazi yake, uandikwe. Ukitengenezwa na fundi sauti kwa kuvuta mlio wa feni, kwa kawaida hauandikwi. Wawili hao wakubaliane mapema, maana masikio peke yake hayataamua.

Kosa linalojirudia zaidi ni kunakili muda kutoka kwenye mpango wa sauti. Mpango huandikwa kabla, na ni wa kukisia; mhariri akishakata sekunde 20 za mwanzo, kila namba inayofuata imehama. Orodha ijazwe baada ya mchanganyo wa mwisho wa sauti, kwa kusikiliza faili lile lile linalokabidhiwa kituoni. Dalili za orodha iliyonakiliwa hazijifichi: mstari unaoanza dakika ya 24:10 katika kazi ya dakika 24, au kipande cha 0:38 ambacho ukitoa mwanzo kwenye mwisho unapata 0:58. Wimbo wa tamati nao husahaulika sana, kwa kuwa anayejaza huwa ameshazima majina yalipoanza kupanda.

Kuna pengo moja la ajabu. Nchini Marekani, tangu kesi ya Alden-Rochelle dhidi ya chama cha mirabaha cha ASCAP mwaka 1948, majumba ya sinema hayalipi mrabaha wa aina hii kwa muziki uliomo ndani ya filamu. Filamu ile ile ikirushwa na televisheni huko huko, mrabaha unalipwa, na orodha ndiyo inayotumika kuugawa.