Acheni kutafuta K5 kwenye grafu ya Petersen

Nimesahihisha rundo jingine la majibu ya swali lililotaka wanafunzi waonyeshe, kwa nadharia ya Kuratowski, kwamba grafu ya Petersen si bapa, yaani haichoreki kwenye karatasi bila kingo kukatana. Grafu hiyo ina vipeo, yaani nukta, vitano kwenye duara la nje na vitano kwenye nyota ya ndani, na kingo ndiyo mistari inayoviunganisha. Sentensi ileile imenifuata tena: "Tukifinya kingo tano zinazounganisha duara la nje na nyota ya ndani tunapata K5, kwa hiyo, kwa nadharia ya Kuratowski, grafu ya Petersen si bapa." Kweli, si bapa. Lakini Kuratowski hahusiki hapo hata kidogo.

Kuratowski, mwaka 1930, alizungumzia kupachika. Chukua K5, yaani vipeo vitano ambavyo kila kimoja kimeungana na vingine vyote, au K3,3, yaani pande mbili za vipeo vitatu vitatu, kila kimoja kikiungana na vyote vya upande wa pili, kisha pachika vipeo juu ya kingo zake upendavyo, yaani kila ukingo unaweza kugeuka njia ndefu. Grafu si bapa ikiwa, na ikiwa tu, ndani yake kuna kitu cha namna hiyo. Kufinya, yaani kuzivuta ncha mbili za ukingo mpaka ziwe kipeo kimoja, ni habari ya Wagner, mwaka 1937. Majibu ya wawili hao yanaafikiana daima, ndiyo maana watu huona naleta ukorofi. Ila ushahidi wao ni tofauti, na swali liliomba ule wa kupachika.

Tena hapa tofauti inaonekana bila hesabu yoyote. Kipeo kinachopachikwa katikati ya ukingo kina digrii 2, yaani kinashikwa na kingo mbili tu, na hakibadilishi digrii za vile vya asili. K5 ina vipeo vitano vya digrii 4, kwa hiyo hata ukiipachika vipeo elfu, vitano hivyo vitabaki na digrii 4. Petersen ina vipeo 10, vyote vya digrii 3. Utampata wapi wa digrii 4? Hayupo! Kilichobaki ni K3,3, upende usipende.

"Sasa Mwalimu, K5 tuliyoiona baada ya kufinya ilitoka wapi?" Swali zuri. Kufinya huunganisha vipeo viwili vya digrii 3 na kuzaa kimoja cha digrii 4. Tuirudishe nyuma: katika K5, pasua kipeo kimoja kiwe x na y vilivyoungana, x ishike a na b, y ishike c na d. Weka x, c, d upande mmoja na y, a, b upande wa pili. Kila mmoja wa upande huu ameungana na kila mmoja wa ule. Hiyo ni K3,3, imejitokeza ulipopasua tu. Kwa hiyo K5 ya kufinya haikudanganyi kuhusu ubapa. Inakudanganya kuhusu umbo lililomo.

Haya, tuitafute. Duara la nje ni 0, 1, 2, 3, 4. Kila i imeungana na i+5, na nyota ya ndani ni 5-7-9-6-8-5. Futa kipeo 0. Majirani zake 1, 4 na 5 wanabaki na digrii 2, na sita waliosalia wanafanya duara lao: 2-3-8-6-9-7-2. Sasa tazama majirani wale watatu. 1 inaunganisha 2 na 6, 4 inaunganisha 3 na 9, 5 inaunganisha 7 na 8, na kila jozi imekaa mkabala kwenye duara hilo. Duara la vipeo sita lenye viunganishi vitatu vya mkabala ndiyo K3,3. Pande zake ni 2, 8, 9 na 3, 6, 7, na njia ni hizi:

```
2-3   2-7   2-1-6
8-3   8-6   8-5-7
9-6   9-7   9-4-3
```

Nikiri kitu: kufuta kipeo 0 hakukutokana na kanuni yoyote. Mara ya kwanza nilihangaika jioni nzima nikichagua vipeo sita kwa kubahatisha, na kwenye grafu nisiyoijua bado hufanya hivyohivyo. Kwa mkono, dokezo pekee ninaloliamini ni kuhesabu digrii kwanza, kisha kutafuta duara refu na kuona nani anavuka katikati. Nikichoka naiachia networkx, maktaba ya Python ya grafu, ambayo vipeo vyake vya Petersen vina namba hizihizi:

```python
import networkx as nx
G = nx.petersen_graph()
ok, K = nx.check_planarity(G, counterexample=True)
print(ok, K.edges())
```

Itasema `False` na kukupa kingo za ushahidi. Usishangae zikitofautiana na zangu, maana K3,3 za aina hii ziko kadhaa.

Kosa la pili kwenye majibu yale ni njia zinazokutana njiani. Mmoja aliandika njia tisa safi kabisa, ila mbili zilipita kipeo 0. Kipeo kilichopachikwa ni cha njia moja tu. Ukitaka kujikagua upesi, hesabu: kila kipeo kilichopachikwa huongeza ukingo mmoja juu ya zile 9. Hapo juu tumepachika 3, kwa hiyo kingo ni 12. Yeye, ukijumlisha kingo za njia zote tisa, alikuwa na vipeo 9 na kingo 13.